Amri ya Kukaa Haisubiri Taa ya Mikanda

Abiria wengi, na hata wahudumu wapya, huamini kwamba taa ya mikanda ikiwaka kila aliyemo ndani ya ndege anatakiwa kukaa. Kwa abiria ni kweli. Kwa mhudumu mambo huwa kinyume chake, kwa sababu katika mashirika mengi taa ile ikiwaka ndipo yeye anapoanza kupita safu kwa safu akikagua mikanda, akiwarudisha vitini waliosimama, akikusanya vikombe vya moto na kurudisha matoroli jikoni. Yaani kipindi kinachomlinda abiria ndicho kinachomwacha mhudumu amesimama katikati ya njia bila kitu cha kumshikilia. Asipoambiwa kwa maneno kwamba naye akae, ataendelea na kazi mpaka ndege yenyewe imwangushe.

Hili si jambo la kukisia. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa ajali za ndege za abiria za nchi hiyo kati ya mwaka 2009 na 2018, ikaonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya ajali hizo zilitokana na misukosuko ya hewa, na kwamba walioumia vibaya wengi wao walikuwa wahudumu. Abiria aliyefunga mkanda hubaki kitini. Mhudumu ndiye anayekwenda juu kwenye dari na kurudi sakafuni, na mara nyingi kinachovunjika ni kifundo cha mguu au uti wa mgongo.

Nimefanya kazi ya mhudumu mkuu katika safari zinazoondoka uwanja wa Abeid Amani Karume hapa Unguja, na nimekaa katika vikao vingi vya maelekezo ambavyo kapteni huvifanya na wahudumu kabla ya abiria kupanda. Katika vingi vya vikao hivyo, habari ya misukosuko ilikuja kwa sentensi moja: leo kuna hali mbaya kidogo njiani, tuwe waangalifu. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Haisemi itaanza lini, itakuwa kali kiasi gani, itadumu muda gani, wala nani atamwambia nani akae. Nataka kueleza kikao kimoja kilichofanywa ipasavyo, siku ya masika, kwa safari ya alasiri kutoka Unguja kwenda Nairobi, kwa sababu ndicho kilichonifundisha mambo ya kudai katika kila kikao kilichofuata.

Safari hiyo kwa ndege ya jeti ni fupi. Inachukua kama dakika hamsini na tano angani, na kati ya hizo dakika kama kumi na nane huishia kwenye kupanda na zaidi ya ishirini kwenye kushuka, hivyo muda wa kuruka sawasawa juu ni mdogo sana. Njia yenyewe inaiacha bahari upande wa Tanga, inapita karibu na milima ya Usambara Mashariki, inakata Tsavo, inapita mashariki ya Kilimanjaro, kisha inateremkia Nairobi kwa upande wa Ukambani. Tulikuwa wahudumu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, na ndege ilikuwa imejaa watalii wanaokwenda kuunganisha safari zao pamoja na familia za hapa kwetu.

Kapteni alikuja na karatasi zake za hali ya hewa mkononi, na rubani msaidizi akiwa pembeni yake. Hakutusomea karatasi hizo, ila alituonyesha mahali pawili tu. Kwenye ramani palikuwa na eneo lililozungushiwa mstari na kuandikwa `EMBD CB`, akaeleza kwamba maana yake ni mawingu ya radi yaliyojificha ndani ya mawingu mengine, ambayo rubani hawezi kuyaona kwa macho na lazima ayatafute kwa rada. Kwenye utabiri wa uwanja wa Nairobi palikuwa na `TEMPO TSRA`, yaani mvua ya radi ya vipindi katika saa tutakazofika. Kisha akakunja karatasi na kuanza kuzungumza kwa dakika, akizihesabu tangu magurudumu yanapoachana na ardhi. Hapo nilimsikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu mhudumu hana ramani wala hajui tumefika juu ya mahali gani, lakini saa anayo mkononi.

Alisema hivi. Upepo wa leo chini unatoka baharini, na hewa hiyo yenye unyevu ikiigonga Usambara inapanda na kuzaa mawingu, kwa hiyo kuanzia dakika ya kumi mpaka ya kumi na sita tutatikiswa, wakati bado tunapanda. Kwa kawaida wahudumu huachiwa kuinuka tukipita futi 10,000, lakini leo msiinuke kwa mazoea. Bakini mmefunga mikanda ya kiunoni na ya mabegani mpaka nitakapowapigia simu mwenyewe. Kuanzia dakika ya kumi na saba mpaka ya ishirini na tisa nategemea hewa itulie. Baada ya hapo tunakaribia mawingu makubwa, na wakati huohuo tunaanza kushuka, na sitarajii kuwapa nafasi nyingine ya kusimama mpaka tutue.

Mmoja wetu, kijana wa Wete aliyekuwa mgeni kazini, akauliza: "Kapteni, na mlima wenyewe wa Kilimanjaro?" Lilikuwa swali zuri, maana sote tumesikia habari za mawimbi ya hewa karibu na milima mirefu. Kapteni alimjibu bila haraka kwamba mawimbi hayo hutokea upande ambao upepo unaelekea baada ya kuuvuka mlima, na kwa kuwa leo unatoka mashariki, upande huo ni wa magharibi, nasi tunapita mashariki. "Leo mlima haunitii wasiwasi," alisema. "Kinachonitia wasiwasi ni wingu, kwa sababu la saa tisa si la saa kumi. Linakua tukiwa tunalikaribia."

Kisha akaniuliza mimi swali ambalo makapteni wengi hawaliulizi: "Dada, nikikwambia mkae, mnahitaji dakika ngapi?"

Jibu lake si moja, na ninaona hapa ndipo penye kiini cha kikao chochote cha aina hii. Kama matoroli mawili yako katikati ya ndege na abiria wana chai ya moto mikononi, kuyarudisha matoroli nyuma na kuyafunga kwa komeo zake huchukua dakika tatu au nne, kukusanya vikombe na kukagua mikanda na vyoo huongeza kama dakika mbili, na mhudumu mwenyewe anahitaji nusu dakika kukunjua kiti chake na kufunga mikanda yote. Jumla ni kama dakika sita. Kama hatujatoa toroli wala kinywaji cha moto, na tunagawa maji na biskuti kwa trei, tunaweza kuwa tumekaa ndani ya dakika mbili. Nilimwambia hivyo. Akatafakari, akasema kwamba kwa mawingu ya namna hii hawezi kuniahidi dakika sita, lakini tatu anaweza. Basi uamuzi ukajitoa wenyewe: hakuna toroli, hakuna chai wala kahawa, na birika za jikoni zibaki tupu tangu mwanzo. Wakati mwingine kampuni hulalamika abiria wasipopewa huduma kamili, lakini huduma hupangwa kwa kutazama muda wa onyo ambao kapteni anaweza kuutoa.

Baada ya hapo tukakubaliana maneno. Akitangaza "wahudumu, malizeni mkae," maana yake zipo dakika tatu: rudisheni vitu, kagueni mikanda mkiwa njiani kuelekea vitini, na mkae. Akitangaza "wahudumu, kaeni sasa," hakuna kinachorudishwa wala kukaguliwa. Kila mmoja anakaa kwenye kiti kilicho karibu naye, hata kama ni cha abiria, na kufunga mkanda. Aliye na toroli siku nyingine analifunga breki pale alipo, na chombo cha moto anakishusha sakafuni. Asiyepata kiti anakaa chini na kushika kwa nguvu nguzo ya kiti. Yule kijana alitaka kujua kama katika hali hiyo ya pili apite kwanza kuhakikisha abiria wamefunga. Kapteni akamwambia hapana, na akaongeza kwamba mhudumu aliyevunjika mguu hawezi kumsaidia abiria yeyote, tena anawapa wenzake watatu mgonjwa wa kumhudumia.

Ili tuelewe kwa nini maneno hayo mawili lazima yatofautiane, alitutajia safari ya Singapore Airlines ya tarehe 21 Mei 2024, iliyokuwa futi 37,000 kusini mwa Myanmar wakati wahudumu wanagawa kifungua kinywa. Taarifa ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba ndege ilianza kutikisika, rubani akasikika akisema taa ya mikanda imewashwa, na sekunde nane baadaye waliokuwa hawajafunga mikanda wakanyanyuliwa kutoka vitini, kwa badiliko lililochukua sehemu tu ya sekunde. Abiria mmoja alifariki na makumi ya watu waliumia. Sekunde nane zinamtosha abiria aliyekaa kuvuta mkanda wake, lakini hazimtoshi mhudumu aliye katikati ya ndege na toroli kufika popote. Ndiyo maana kapteni wetu alitaka kuwe na amri ya kukaa iliyotengana na taa, na ruhusa ya kukaa isiyosubiri amri.

Ruhusa hiyo aliitamka wazi. Alisema kwamba mtu wa nyuma huhisi mtikisiko zaidi kuliko yeye aliye mbele, kwa hiyo inawezekana yeye aone ni jambo dogo huku jikoni nyuma watu hawasimami. Yeyote atakayeona hapasimamiki akae kwanza, kisha apige simu, na kusiwe na atakayeulizwa kwa nini alikaa. Na ili simu hizo zisiwe za "inatikisika sana, Kapteni," tukakubaliana kipimo kinachoonekana kwa macho. Maji yakicheza ndani ya kikombe bila kumwagika na mtu anatembea, ni hafifu. Yakimwagika, na mtu hawezi kwenda bila kushika kitu, ni ya wastani. Vitu vikiruka na kutembea kukiwa hakuwezekani kabisa, ni kali. Maneno hayo matatu yana maana ileile kwa marubani, na rubani akiyasikia anajua la kufanya na la kuwaambia ndege nyingine.

Jambo la mwisho lilihusu muda wa taa kwa abiria. Kapteni hakupenda kuiacha ikiwaka safari nzima, ingawa wapo wanaoona ndiyo salama zaidi. Hoja yake ni kwamba taa inayowaka nusu saa huku ndege imetulia huwazoesha abiria kuipuuza, nao huanza kwenda chooni mmoja mmoja. Itakapofika dakika ya hatari haitakuwa na uzito tena. Akaahidi kuizima mara hewa itakapotulia, nami nitangaze kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba anayehitaji choo aende sasa kwa sababu baadaye hatutaruhusu. Abiria anayeelezwa sababu na muda hutii zaidi kuliko anayeamrishwa tu. Nimeliona hilo hasa kwa wazee wetu, ambao huwa na aibu ya kuomba choo na huinuka wakati usiofaa.

Tuliruka alasiri kama ilivyopangwa. Mtikisiko wa Usambara ulianza dakika ya kumi na moja, ukawa hafifu, na sote tulikuwa vitini. Dakika ya kumi na nane simu ililia, taa ikazimwa, tukainuka. Nilitoa tangazo, na mzee mmoja wa safu ya nane akaniita kwa mkono. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Nina muda wa kwenda na kurudi?" Nikamwambia anao, ila akirudi afunge mkanda na asiinuke tena, akaitikia kwa kichwa na kwenda. Wakati wenzangu wanagawa maji, nilikagua mambo mawili ambayo taa haiwezi kuyakagua. La kwanza ni mkanda uliofichwa chini ya kanga au buibui: namwomba mama aupitishe juu ya nguo ili mhudumu auone bila kumsumbua, na kama ni mjamzito ukae chini ya tumbo, juu ya nyonga. La pili ni mtoto wa mapajani, ambaye mkanda wake mdogo unapitishwa kwenye mkanda wa mama. Mama akimfungia ndani ya mkanda wake mwenyewe, siku ya mshtuko mkubwa uzito wa mama humbana mtoto.

Dakika ya ishirini na saba, mbili kabla ya ile tuliyoambiwa, taa ikawaka na sauti ya kapteni ikasikika: "Wahudumu, malizeni mkae." Wingu lilikuwa limekua kuliko lilivyoonekana, naye alikuwa anaomba njia ya kulizunguka kwa upande wa mashariki. Trei zikarudi jikoni, mikanda ikaangaliwa, vyoo vikafungwa, na kabla ya dakika tatu kwisha nilimpigia simu kumwambia wahudumu wote wamekaa na ndege iko tayari kwa kutua. Taarifa hiyo kwa kawaida hutolewa karibu na uwanja. Siku hiyo tuliitoa kabla hata ya kuanza kushuka, na ni mpango ninaoupendelea sana siku zote za mawingu, kwa sababu ule uchunguzi wa Marekani ulionyesha pia kwamba kipindi cha kushuka ndicho kinachoumiza wahudumu wengi: ndege inarudi katika mawingu huku mhudumu yuko mbioni kukusanya takataka na kukagua viti.

Muda mfupi baadaye tukaingia kwenye msukosuko. Kulizunguka wingu hakukuondoa msukosuko wote, kwani hewa huchafuka hata nje ya wingu la radi, na rada ya ndege huona matone ya mvua, haioni hewa tupu. Kwa kama dakika nne komeo za jikoni ziligonga, simu ya abiria mmoja iliteleza mpaka mlango wa mbele, na kijana mmoja safu za katikati akafungua mkanda akasimama kuifuata. Sikuinuka. Nilichukua kipaza sauti nikiwa nimefungwa mikanda yangu, nikamwita kwa namba ya safu yake, na kumwambia akae, simu yake nimeiona na ataipata tukishatua. Akakaa. Mhudumu anayeinuka kumkalisha abiria mmoja anafanya wawe wawili waliosimama.

Baada ya kutua Nairobi na abiria kushuka, kapteni alikuja nyuma kabisa, akawauliza wale wawili waliokaa huko hali ilikuwaje kwa kipimo tulichokubaliana. Hakuuliza kwa adabu tu. Msukosuko ukiwa mkali, unapaswa kuandikwa kwenye kitabu cha ndege, na ndege ikaguliwe na mafundi kabla ya kuruka tena; ukiwa wa wastani, kwa ndege yetu haikuhitajika. Walimwambia kwamba walivutwa kwenye mikanda lakini hakuna kilichotoka mahali pake, na maji yaliyokuwa ndani ya beseni yalimwagika bila kuruka. Akaandika wa wastani.

Kisha, kabla hatujaanza kusafisha viti, akatusimamisha jikoni nyuma kwa kikao cha pili, kwa kuwa yale ya kwenda hayakufaa kwa kurudi. Jua lilikuwa linazama na mawingu ya bara yangeanza kulegea, lakini masika pwani yetu mvua nyingi hunyesha usiku. Sasa sehemu ya kwanza ndiyo itakayotulia, alisema, na taabu, kama ipo, iko mwishoni, kuanzia Tanga kuelekea Unguja. Dakika ya kumi na mbili mpaka ya thelathini ni zenu, na trei zinatosha tena. Baada ya hapo mkae, hata nikisahau kuwapigia.